Jouli, wati na uniti ya LUKU: jinsi ya kuisoma taa ya mita na kujua umeme umeliwa na nani

*Hotuba ya mwalimu wa fizikia kwenye maonesho ya sayansi ya shule*

Wazazi wetu, shikamooni. Walimu wenzangu, wanafunzi, nanyi wageni mliokuja kuona kazi za vijana, karibuni meza ya fizikia. Hapa mezani tuna ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, birika la umeme, pasi, balbu ya wati 9 na mita ya LUKU tuliyoifunga kwenye ubao ili kila mtu aione vizuri. Kwa vifaa hivi tutatafuta jibu la swali linalogombanisha watu katika nyumba nyingi za kupanga: tumenunua umeme juzi, leo umekwisha, nani kaula?

Wengi hujibu kwa macho. Pasi inawaka, birika linaunguruma, basi hao ndio wezi. Friji liko kimya pembeni, hakuna anayelitazama. Tukimaliza hapa, kila mmoja wenu ataweza kusimama mbele ya mita ya nyumbani kwake na kupata jibu kwa hesabu, akiwa na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde tu.

Kwanza, jouli

Namwomba kijana mmoja wa Kidato cha Pili aje hapa. Inyanyue ndoo hiyo kutoka sakafuni umtwike mwenzako kichwani. Ahsante.

Maji yale ni kilo 20. Dunia inaivuta kila kilo kwa nguvu ya nyutoni 10 hivi, kwa hiyo ndoo nzima inavutwa kwa nyutoni 200. Kutoka sakafuni hadi kichwani kwa mwenzake tumepima mita moja na nusu. Zidisha 200 kwa 1.5, unapata 300. Hizo ni jouli 300. Jouli moja ni kazi inayofanyika unaposukuma au kunyanyua kitu kwa nguvu ya nyutoni moja kwa umbali wa mita moja. Kwa hiyo mama anayejitwika ndoo ya lita 20 anatumia jouli 300 kuipandisha ndoo ile, achilia mbali zile anazotumia kuunyanyua mwili wake mwenyewe. Naomba mshike namba hiyo, jouli 300 kwa ndoo moja, maana tutaitumia mpaka mwisho.

Jouli haipimi kunyanyua ndoo tu, inapima na joto. James Joule, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1818 karibu na Manchester katika familia ya watengeneza bia, alifunga vizito kwenye kamba, akaviacha vishuke polepole huku vikizungusha makasia madogo ndani ya chombo cha maji. Vizito viliposhuka, maji yalipata joto. Joto lenyewe lilikuwa dogo mno, alihitaji kipimajoto kizuri sana ili alione, lakini kila aliporudia, kazi ile ile ilizaa joto lile lile. Hapo ndipo ilipoeleweka kwamba kunyanyua na kupasha moto vinaweza kuhesabiwa kwa kipimo kimoja.

Leo tunajua kwamba kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi moja tu kunahitaji jouli 4,200. Gawanya kwa 300. Ni sawa na kujitwika ndoo mara 14, ili lita moja ipande nyuzi moja. Tukirudi kwenye LUKU mtaona kwa nini kila kifaa cha kuchemsha kinakula sana: maji yenyewe ndiyo yanayodai jouli nyingi, birika halina kosa.

Pili, wati

Kijana, inyanyue tena ndoo, safari hii haraka uwezavyo. Sekunde moja. Sasa ipandishe taratibu. Sekunde tatu.

Jouli ni zile zile 300 mara zote mbili, kwa sababu ndoo ni ile ile na urefu ni ule ule. Kilichobadilika ni kasi ya kuzitumia. Mara ya kwanza alitumia jouli 300 kwa sekunde, mara ya pili jouli 100 kwa sekunde. Jouli moja kwa sekunde ndiyo tunayoiita wati. Alinyanyua kwa wati 300, kisha kwa wati 100.

Wati tayari ina muda ndani yake, ndiyo maana nawaomba tuache kusema "wati kwa saa". Ukisema pasi inakula "wati elfu moja kwa saa" umepima kitu ambacho hakipo. Pasi ya wati 1,000 inakula jouli 1,000 kila sekunde. Ukiiwasha sekunde kumi inakuwa imekula jouli 10,000, ukiiwasha saa nzima imekula nyingi zaidi, lakini wati zake zimebaki 1,000 muda wote. Wati inakwambia kifaa kina pupa kiasi gani. Haikwambii kimekula kiasi gani hadi ujue kimewaka kwa muda gani.

Ifikirieni pasi hiyo pamoja na ndoo yetu. Jouli 1,000 kila sekunde ni zaidi ya ndoo tatu kutwikwa kila sekunde, bila kupumzika, muda wote ikiwa imewaka.

Tatu, kilowati-saa, yaani uniti

Chukueni kifaa cha wati 1,000, yaani kilowati moja, mkiwashe kwa saa moja. Saa moja ina sekunde 3,600. Jouli 1,000 kila sekunde, mara sekunde 3,600, ni jouli 3,600,000. Huo mzigo wa jouli milioni tatu na laki sita ndio kilowati-saa moja, kWh, na ndio hiyo uniti mnayoinunua kwa simu. Umeme unauzwa kwa uniti kwa sababu kuuhesabu kwa jouli kungefanya risiti ziwe na tarakimu zisizosomeka.

Gawanyeni 3,600,000 kwa jouli 300 za ndoo. Uniti moja ni sawa na kutwika ndoo ya lita 20 mara 12,000. Mtu akifanya hivyo kila baada ya sekunde tano, bila kula wala kulala, atamaliza baada ya saa 16 na zaidi.

Na bei yake? Katika hesabu zote za leo natumia shilingi 356 kwa uniti. Ni bei ya kundi la T1, shilingi 292, ukiongeza VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Walio kwenye D1, kundi la matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, wanalipa chini sana ya hapo. Kwa hiyo tazameni risiti zenu wenyewe: chukueni jumla ya gharama ya umeme pamoja na kodi na tozo zake, mgawanye kwa idadi ya uniti mlizopewa. Ila mnunuzi wa kwanza wa mwezi awe mwangalifu, kwa sababu kodi ya jengo hukatwa humo humo. Ukiiacha ndani ya hesabu yako utadhani uniti zimepanda bei. Nyumba nyingi za kupanga hugombana hapo hapo: aliyenunua mwanzoni mwa mwezi anapata uniti pungufu kwa hela ile ile, wenzake wanadhani kajipunguzia.

Birika mezani

Asubuhi vijana walitia lita moja ya maji yenye nyuzi 25 kwenye birika hili lililoandikwa wati 2,000, wakapima muda hadi lilipojizima. Maji yalipanda nyuzi 75. Kwa jouli 4,200 kwa kila nyuzi, maji yenyewe yalihitaji jouli 315,000. Birika lilijizima baada ya sekunde 175. Jouli 2,000 kila sekunde kwa sekunde 175 ni jouli 350,000.

Jouli 35,000 zilizozidi hazikupotea gizani. Zimepasha moto mwili wa birika, nyingine zimetoka na mvuke. Kwa uniti ni kama 0.097, shilingi 35 hivi. Kama mlichemsha lita mbili ili mnywe vikombe viwili, mmelipia karibu mara mbili kwa maji yatakayopoa humo humo. Huko ndiko kwa kubana matumizi ya birika. Kununua birika lenye wati ndogo hakusaidii, kwa sababu la wati 1,000 litatumia takribani dakika sita kufikisha jouli zile zile, na kwa kuwa linachukua muda mrefu zaidi, joto jingi zaidi linavujia nje.

Kuisoma taa ya mita

Sasa sogeeni karibu na ubao. Kwenye uso wa mita kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa. Karibu nayo pameandikwa namba inayoishia na `imp/kWh`. Hii ya kwetu imeandikwa `1000 imp/kWh`. Nyingine zina `1600`, nyingine namba tofauti kabisa, kwa hiyo isomeni ya kwenu. Maana yake ni kwamba taa inapepesa mara 1,000 kwa kila uniti. Gawanya jouli 3,600,000 kwa 1,000: kila ikipepesa, jouli 3,600 zimepita. Mita ya 1,600 inapepesa kila jouli 2,250 zikipita.

Hatua zenyewe ni hizi. Kwanza zimeni kila kitu ndani, pamoja na chaja na televisheni, ambazo huwa tunaziacha kwenye soketi. Tazameni taa kwa dakika chache. Ikitulia, iwe imezima au inawaka bila kupepesa kwa kutegemea aina ya mita, hakuna kinachotumia umeme. Ikiendelea kupepesa, kuna kitu mmekisahau, au kuna waya unaopeleka umeme mahali msipopajua. Chomoeni kimoja kimoja. Kama imebaki kupepesa hata baada ya hapo, mwiteni fundi umeme akague nyaya. Msiguse mita yenyewe wala kufungua lakiri yake, kazi yetu ni kutazama taa tu.

Kisha washeni kifaa kimoja tu. Taa ikipepesa, anzisheni saa ya simu na mhesabu sifuri. Kosa la wengi ni kuanza na moja, halafu wati zinatoka nyingi kuliko zilivyo. Ikipepesa tena ni moja, endeleeni hadi kumi, mzime saa. Jouli zilizopita ni kumi mara 3,600, yaani 36,000. Zigawanyeni kwa sekunde mlizopata, jibu ni wati.

```
wati = 3,600,000 × idadi ya mapepeso ÷ (imp/kWh × sekunde)
```

Tujaribu pasi. Tumewasha, tumehesabu mapepeso kumi, sekunde 37. Gawanya 36,000 kwa 37, ni wati 973. Kwenye kibati chake imeandikwa 1,000. Tofauti hiyo haimaanishi pasi mbovu wala mita mbovu. Volti za kwenye soketi si zile zile kila wakati. Pasi ni koili ya kutoa joto tu, na wati zake hushuka haraka volti zikishuka: iliyotengenezwa kwa volti 230 ikipata 200, wati 1,000 zinakuwa kama 756. Jioni umeme unapokuwa mdogo, pasi inachelewa kupata moto na watu wanasema mita inakula sana. Mita inahesabu jouli zilizopita. Kilichoongezeka ni muda wenu wa kusubiri, na joto kidogo linalopotea wakati huo.

Jambo jingine mtakaloliona kwenye pasi: baada ya dakika chache taa ya mita inaacha kupepesa ghafla, halafu inaanza tena. Pasi imefikia joto lake, imejikata, ikipoa inajiwasha. Kwa hiyo usichukue wati 973 ukazidisha kwa muda wote wa kupiga pasi. Mezani hapa, ndani ya nusu saa ya kunyoosha nguo, imewaka kama nusu ya muda tu.

Balbu ya wati 9 inahitaji subira. Jouli 3,600 kwa wati 9 ni sekunde 400 kati ya pepeso moja na jingine, karibu dakika saba. Kwa kifaa kidogo namna hiyo ni bora mwamini kibati.

Wenye mita iliyofungwa juu ya nguzo, huku ndani kukiwa na kile kidude cha kubonyeza namba, hawataiona taa. Wao wasome uniti zilizobaki, wakiache kifaa kimoja kiwake saa moja au mbili, wasome tena na kutoa. Njia hii ni ya polepole lakini hesabu ni ile ile.

Nyumba ya wapangaji watatu

Tuchukue nyumba ya vyumba vitatu, mita moja. Chumba cha kwanza kuna friji. Cha pili kuna kijana anayepiga pasi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na wenzake wanamsema. Cha tatu wanachemsha maji ya kuoga kwa heta. Kila chumba kina balbu moja inayowaka saa tano kila usiku.

Friji tunalipima kwa njia ile ile, ila kwa uvumilivu. Likiunguruma, taa inapepesa kila baada ya sekunde 30, kwa hiyo ni wati 120. Mbele ya pasi hiyo ni namba ndogo kabisa. Lakini kaeni nalo kwa saa mbili au tatu mkiandika linaunguruma lini na linanyamaza lini. Tuseme linafanya kazi dakika 10, linapumzika 15. Kati ya kila dakika 25, kumi linakula. Kwa siku nzima ya saa 24 limeunguruma saa 9.6. Wati 120 mara saa 9.6 ni wati-saa 1,152, yaani uniti 1.15. Kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 34.6, shilingi 12,300 hivi.

Pasi inatumika nusu saa kila siku, inawaka nusu ya muda huo. Ni robo saa ya kilowati moja, uniti 0.25 kwa siku, 7.5 kwa mwezi. Shilingi 2,670.

Chumba cha heta wanachemsha lita 10 kila siku, kutoka nyuzi 25 hadi 45. Lita 10, nyuzi 20, jouli 4,200: ni jouli 840,000. Ukigawanya kwa 3,600,000, ni uniti 0.23 kwa siku, karibu 7 kwa mwezi, ukiweka na kidogo kinachopotea ni kama 7.7. Shilingi 2,740 hivi. Wakiyaacha yafike kuchemka kabisa halafu wayapoze kwa maji baridi, jouli za maji watakayoogea hazibadiliki sana. Hasara inakuja wakiyasahau yakaendelea kuchemka, kwa sababu hapo kila jouli inaondoka na mvuke na heta haijikati yenyewe kama birika.

Balbu ya kila chumba, wati 9 kwa saa tano, ni wati-saa 45 kwa siku, uniti 1.35 kwa mwezi, shilingi 480. Na mnaouliza kuhusu simu: betri ya kawaida ya leo ikijazwa kutoka sifuri inachukua kama wati-saa 25 pamoja na zinazopotea kwenye chaja. Uniti moja inajaza simu karibu mara 40. Kumkataza mpangaji asichaji simu ili LUKU isiishe ni kugombania shilingi tisa.

Jumlisheni mwezi mzima: friji 34.6, pasi 7.5, heta 7.7, balbu tatu 4.05. Ni uniti karibu 54, na friji peke yake limechukua karibu theluthi mbili, licha ya wati zake ndogo. Wakigawana sawa kwa sawa, kila chumba kinalipia uniti 18. Kijana wa pasi, ambaye yeye na balbu yake wametumia 8.85, analipa mara mbili ya alichotumia, na bado ndiye anayesemwa.

Friji linalohitaji kuangaliwa linajionesha kwenye daftari hilo hilo la dakika. Likiunguruma dakika 20 na kupumzika tano, linakula mara mbili ya lile tulilopima. Mara nyingi ni mpira wa mlango umelegea, au limesukumwa hadi likagusa ukuta na nyuma yake hakupiti hewa, au barafu imekuwa nene ndani. Bana karatasi kwenye mlango uliofungwa uivute; ikitoka bila kukataa, mpira haubani. Sogeza friji mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, yeyusha barafu, halafu pima tena siku inayofuata uone kama vipindi vya kupumzika vimerefuka.

Vijana wa Kidato cha Tatu wako kwenye ubao wa mita hadi saa kumi jioni. Wana karatasi zenye jedwali la kuandikia sekunde na mapepeso, kila mzazi achukue moja. Kama umekuja na risiti yako ya LUKU, au umepiga picha mita ya nyumbani, waonesheni pale panapoandikwa `imp/kWh`, watawakokotolea jouli za kila pepeso kwa mita yenu kabla hamjaondoka.